Hiyo templeti yako ya dhahabu inaua jina la mgeni wako

Wasee wa kamera wa Kisumu, hii ni yenu, na mkikasirika ni sawa tu. Fungua chaneli yoyote mpya ya mahojiano kutoka huku kwetu, iwe ni ya Kondele, ya Nyamasaria ama ya Ahero, na utakutana na kitu kilekile. Kwanza nembo ya dhahabu inazunguka na kulipuka moshi kama filamu ya vita. Halafu mgeni anaanza kuongea, na chini ya skrini kibao cha jina kinaingia na cheche, mstari wa taa, herufi zinatetemeka, sauti ya "whuush". Kabla macho yako yafike kwa jina, kibao kishaenda. Huyo mama amekupa nusu saa ya siku yake ya soko, na watu wamemwona bila kujua anaitwa nani.

Kibao cha jina ndicho kile kile wasee wa stesheni huita lowa-thadi, kwa sababu kinakaa kwenye theluthi ya chini ya picha. Kazi yake ni moja: kusema huyu ni nani na kwa nini anaongea. Ukikitengeneza vizuri mara moja, kikawa na sura ileile, mahali palepale, video baada ya video, mtu atajua ni chaneli yako hata kabla ya kuona nembo. Hiyo ndiyo chapa. Si zile cheche. Na zile pakiti za templeti 500 mnazoshusha Telegram, ama kuuziwa na jamaa fulani wa mjini kwa bei ya viatu vipya, hazifanyi hiyo kazi. Zilitengenezwa zipendeze kwenye tangazo la kuuza templeti. Huko jina ni fupi, skrini ni kubwa, na hakuna mtu anayetaka kusoma kitu.

Tuanze na muda, kwa sababu huu hauna ubishi, ni kuhesabu tu. Rafiki yangu aliniletea kibao kutoka kwa pakiti yake, cha sekunde 5. Video yake ni ya fremu 30 kwa sekunde, kwa hivyo kibao chote ni fremu 150. Nikakipitisha fremu moja moja. Mstari wa taa unachorwa, cheche zinamwagika, herufi zinaruka moja moja, na jina linakamilika kwenye fremu ya 66. Kufika fremu ya 108 limeshaanza kuvunjika ili litoke. Toa hesabu: fremu 42. Kati ya sekunde 5, jina limesomeka kwa sekunde 1.4, na hapo chini kuna mstari wa pili wa kusoma, na mgeni anaongea, na macho ya mtu yako kwa uso wake.

Changu mimi kinaingia kwa fremu 15, yaani nusu sekunde, kikiteleza kidogo kutoka kushoto huku kikitokea polepole. Kinatoka kwa fremu 10. Zile 125 zinazobaki kimetulia tuli, zaidi ya sekunde 4. Ni hivyo tu. Angalia habari za saa tatu usiku leo, stesheni yoyote ya Kenya, na uhesabu ni cheche ngapi zinatoka kwa jina la waziri. Jina linaingia, linakaa, linatoka. Hao watu wana mashine za kufanya chochote wanachotaka, na bado wameamua jina litulie. Kipimo changu ni rahisi: nasoma mistari yote miwili kwa sauti, bila haraka, mara mbili. Kama kibao kimetoka kabla nimalize, ni kifupi.

Sasa tuje kwa simu. Hapa ndipo naona watu wanajidanganya kabisa. Unaediti kwa laptopu, kibao kinaonekana poa. Lakini mtu wa Manyatta anaangalia video yako akiwa ameshika simu wima, na ile video ya kulala inakaa kwenye upana wa skrini ambao ni kama sentimita 7. Pikseli 1,920 zimebanwa kwa sentimita 7. Herufi yenye urefu wa pikseli 40, ambayo kwa laptopu uliona ni kubwa, huko inakuwa milimita moja na nusu. Chukua rula uone milimita moja na nusu ni nini. Mimi herufi zangu kubwa hazishuki chini ya pikseli 65, ambazo kwa simu hiyo ni milimita mbili na kitu. Kwa laptopu zinakaa za kishamba. Sawa, ni za kishamba, lakini zinasomeka.

Halafu kuna bando. Hakuna mtu wa umri wetu anaangalia mahojiano ya dakika 20 kwa 1080p na data yake mwenyewe. Anashuka 360p, ama YouTube inamshusha yenyewe. Upana unatoka 1,920 unakuwa 640, kwa hivyo kila kitu kinagawanywa kwa 3. Ile mistari myembamba ya pakiti, ya pikseli 2, inabaki chini ya pikseli moja, maana yake inapotea ama inakuwa ukungu. Na zile cheche ndizo mbaya zaidi. Video iliyobanwa inaokoa data kwa kurudia sehemu ambazo hazijabadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Cheche hubadilika kila fremu, kila mahali. Kwa hivyo data kidogo iliyopo inakimbilia cheche, na uso wa mgeni na herufi za jina vinakuwa vibokisi vibokisi. Umelipia kitu cha kuharibu picha yako. Jaribu leo: weka video yako 360p, shika simu kwa umbali unaokaa nayo kwa matatu, usome jina. Usikisie kwa sababu unalijua, mpe mtu mwingine asome.

Mahali pa kibao nako kuna vita. Video ya kulala iko sawa ukiacha asilimia 5 kila upande na kuinua kibao kidogo ili maandishi ya tafsiri yasikikalie. Lakini mkikata kipande cha wima cha TikTok ama Shorts, mnaacha kibao palepale chini, na hapo chini ndipo programu yenyewe inaweka jina la akaunti, maelezo na wimbo. Upande wa kulia kuna vitufe vya kupenda na kushea. Kwa video ya wima ya 1,080 kwa 1,920, mimi huhesabu pikseli 400 za chini na 150 za kulia kuwa si zangu. Kibao cha wima kinakaa juu ya hapo, karibu na kifua cha mgeni. Hii inamaanisha unahitaji templeti mbili, ya kulala na ya wima, zenye rangi moja na fonti moja. Si moja uliyoivuta mpaka ikatoshea.

Lakini kinachonikasirisha kabisa ni majina. Hizi templeti hazijawahi kukutana na jina la Mjaluo. Zimepimwa kwa majina kama John Smith: kisanduku kina upana uliofungwa, na jina likizidi, ama linamwagika nje, ama herufi zinajipunguza zenyewe mpaka kila mgeni ana saizi yake. Sasa nyinyi mkiona hivyo mnafanya nini? Mnakata jina! Mtu ana majina matatu, mnamwachia moja na nusu kwa sababu kisanduku cha mtu wa ng'ambo hakitoshi. Maze, hapana.

Jina langu la majaribio ni la gavana wetu: Profesa Peter Anyang' Nyong'o. Hesabu pamoja na nafasi na alama, ni herufi na alama 29. Likikaa vizuri, karibu kila mtu atakaa. Halafu najaribu upande wa pili, Tom Mboya, ambalo ni 9 tu, kuona kama kisanduku kinafuata jina ama kinabaki kirefu kama benchi tupu la kanisa. Templeti ambayo haipiti hayo majina mawili sitaki hata bure.

Na angalia vizuri ile alama kwa Anyang' na Nyong'o. Si mapambo. Ni sehemu ya sauti: ng' na ng si kitu kimoja, kwa Dholuo wala kwa Kiswahili. Fonti nyingi za bure, hasa zile za majaribio zenye kucha na damu, zina herufi A mpaka Z na basi. Ukiandika Nyong'o, alama inapotea, ama kunatokea kijisanduku kitupu, ama programu inaazima alama kutoka fonti nyingine na unaona kabisa haifanani na wenzake. Tena kuna alama mbili tofauti: ile iliyonyooka, ', na ile iliyopinda, ’. Ukinakili jina kutoka WhatsApp unaweza kupata iliyopinda, ukiandika mwenyewe unapata iliyonyooka, na fonti inaweza kuwa na moja bila nyingine. Chagua moja, uitumie kila mahali. Kabla nikubali fonti yoyote naandika NG' ng' NYONG'O nyong'o na naangalia. Inachukua nusu dakika. Na kuna watu wanaoandika Ochieng bila alama kwenye kitambulisho chao. Hiyo ni haki yao. Mwambie mgeni aandike jina lake mwenyewe kwa simu yako kabla ya kurekodi, halafu ufuate vile ameandika.

Sasa, najua kuna mtu ashaanza kusema "wewe unaongea tu, tutengeneze na nini?" Tulia.

Kama unaediti kwa simu, mambo ni rahisi kuliko unavyofikiria. Kwa CapCut, andika maandishi ya kawaida, uwashe rangi ya nyuma ya maandishi. Hiyo rangi inafuata urefu wa jina yenyewe: Tom Mboya anapata kisanduku kifupi, gavana anapata kirefu. Weka animesheni ya kuingia ya kawaida, nusu sekunde, na ya kutoka fupi zaidi. Zimeshikana na mwanzo na mwisho wa maandishi, kwa hivyo ukikivuta kibao kikae sekunde 8 hakiharibiki. Halafu hii ndiyo siri ambayo jamaa wa mjini anawauzia: tengeneza mradi mmoja wenye kibao, kadi ya kichwa na kadi ya mwisho, uuite MAMA, na usiediti video yoyote ndani yake. Kila wiki unaurudufu, unafanya kazi kwa nakala. Mama anabaki safi. Hiyo ndiyo templeti. Hakuna uchawi mwingine.

Kwa laptopu, DaVinci Resolve ya bure inatosha kama mashine yako inaibeba. Weka `Text+`, andika jina mstari wa kwanza na kazi mstari wa pili, ukiegemeza maandishi kushoto ili jina refu likue kuelekea kulia tu. Nenda `Shading`, uchague elementi ya 4, uiwashe. Hiyo imeshaandaliwa kuwa kisanduku cha bluu nyuma ya maandishi. Badilisha rangi iwe yako, na uweke kisanduku kifuate kila mstari. Sasa una kibao kinachojipima chenyewe. Mistari yangu yote miwili ni ya saizi moja, kwa sababu sioni kwa nini kazi ya fundi iandikwe ndogo kuliko jina lake.

Shida ya Resolve huja ukiweka mwendo wako mwenyewe. Unatengeneza kibao cha fremu 150, kinaingia vizuri, kinatoka vizuri. Wiki ijayo mgeni anaongea polepole, unakivuta kiwe fremu 240, na kinatoka palepale kwenye 150, halafu skrini iko tupu. Ukikifupisha kiwe fremu 100, hakitoki kabisa, kinakatika kama stima. Watu wengi hapa ndipo wanarudi kwa pakiti. Dawa iko ndani ya ukurasa wa Fusion, inaitwa `Keyframe Stretcher`. Unaiweka mwisho kabisa, kabla ya `MediaOut1`, na unaiambia sehemu ya kuvutwa inaanza fremu ya 15 na kuisha fremu ya 139. Katikati kunavutika kama raba, lakini zile 15 za kuingia na 10 za kutoka haziguswi. Ukimaliza, kiburute kibao kwenye `Power Bin`, ambayo inaonekana kwa kila mradi ulio kwenye maktaba hiyo hiyo. Na faili la fonti libebe kwa flashi pamoja na nembo. Ukifungua mradi kwa kompyuta ya saiba isiyo na fonti yako, itawekwa nyingine, na unaweza kukosa kugundua mpaka video iko hewani.

Rangi nayo isiwe "ile kijani yetu." Iandike kwa nambari, kama `#0B5D3B`, kwa kinoti kilichobandikwa juu ya simu. Na nembo usitumiane kwa WhatsApp kama picha. Inarudi bila ile nyuma wazi, imezungukwa na kisanduku cheupe, na rangi imebadilika kidogo. Itume kama dokumenti.

Intro ya dhahabu nimeiacha mwisho kwa sababu haina mengi. Ingia YouTube Studio, fungua grafu ya video yako inayoonyesha watu wanaobaki sekunde kwa sekunde, uangalie pale moshi ulipo. Sitakuambia utaona nini, ni watazamaji wako. Mimi huanza na sentensi moja ya mgeni, ile kali kabisa, halafu kadi ya kichwa ya sekunde 2 na nusu, rangi ileile na fonti ileile ya kibao. Na kwa kadi naandika kichwa cha hadithi, si jina la chaneli kwa herufi za kutisha. Kama kadi hiyo ndiyo utatumia pia kwa picha ya nje ya video, usiweke neno kwenye pembe ya chini kulia, maana YouTube inapabandika urefu wa video.

Wale watasema pakiti inaokoa muda. Inaokoa wa nani? Nimeona msee akipigana na kibao cha kununua usiku mzima ili jina la mgeni litoshe, na mwisho akaandika "Mgeni". Kitu ambacho kinafanya uandike "Mgeni" badala ya jina hakijakuokolea kitu. Wengine watasema watu wanapenda vitu vya kumetameta. Labda. Basi zitoe cheche kwa vibao vya video tatu, uache zingine vile zilivyo, halafu uangalie kwa komenti ni wapi watu wanamtaja mgeni kwa jina lake, na ni wapi wanauliza "huyu mama anaitwa nani na anauzia wapi?"

Kwa mstari wa pili, pia, wacheni kuandika "Mjasiriamali". Kila mtu ni mjasiriamali siku hizi. Andika "Fundi wa mageti, Nyamasaria". Andika "Anauza omena, Soko la Kibuye". Mtu akiwa na kazi ya geti wiki ijayo ajue amtafute nani na aanzie wapi.

Na wewe jamaa wa mjini, najua utaisoma hii. Nilikuuliza mbele ya watu kama pakiti yako inabeba Nyong'o na ile alama yake, ukacheka. Bado nangoja jibu.